Kivuli kwenye pafu la mzee: dawa za TB kwanza, au kinyama kwanza?

*"Daktari, shikamoo. Baba yangu ana miaka 61, anavuta pakiti moja ya sigara kwa siku tangu akiwa na miaka 22. Kikohozi chake tumekizoea, lakini huu ni mwezi wa nne hakiachi, na mara mbili kohozi limetoka na michirizi ya damu. Amepungua kutoka kilo 72 hadi 64. Amemeza antibiotiki mara tatu. Kila mara anapata nafuu ya wiki moja, kisha kikohozi kinarudi. Kohozi limepimwa TB mara mbili, hakuna kitu. Eksirei ilionyesha kivuli juu kulia, na ya pili baada ya wiki sita kivuli kipo vilevile. Kituo cha afya wanataka aanze dawa za TB. Daktari mwingine anasema apigwe CT na achukuliwe kinyama. Shangazi zangu wamekataa kabisa, wanasema saratani ikichomwa sindano inatawanyika. Tufanye nini?"*

Marahaba. Mpelekeni mzee akapigwe CT, na kinyama kichukuliwe kabla hajaanza dawa za TB. Sisemi kwamba ana saratani. Nasema kwamba kwa hali uliyoieleza hakuna anayeweza kujua ana nini mpaka kipande cha kile kivuli kiangaliwe kwa hadubini, na kwamba miezi miwili ya kujaribu dawa ni mirefu mno kwake.

Nianze na kikohozi chenyewe, maana ndicho kilichowachelewesha. Njia za hewa zina vinyweleo vidogo sana vinavyosukuma makohozi kwenda juu mchana na usiku. Moshi wa sigara huvilaza na kuviua, makohozi yakajikusanya, na mvutaji akabaki na kazi ya kuyakohoa kila asubuhi. Hicho ndicho kikohozi mlichokizoea, na kuwepo kwake peke yake hakusemi mengi. Kinachomshtua daktari ni kikohozi kilichobadilika: kilikuwa cha asubuhi sasa ni cha kutwa, kilikuwa na makohozi sasa ni kikavu, au kohozi limeanza kuja na damu. Mwaka mzima unaweza kukohoa kwa namna ileile na mapafu yasiwe na saratani, lakini kikohozi kilichobadilika na kukaa zaidi ya wiki tatu kwa mvutaji wa umri wake kinahitaji picha ya kifua.

Halafu kuna ile nafuu ya wiki moja baada ya kila antibiotiki. Familia nyingi huichukua kuwa ushahidi kwamba ni maambukizi tu. Uvimbe ukiota ndani au kando ya mrija wa hewa, huubana. Sehemu ya pafu iliyo nyuma ya mbano haipati hewa vizuri, makohozi yanatuama, bakteria wanazaliana. Antibiotiki inawaua wale bakteria kweli, homa inashuka, mzee anakula. Ila mbano upo palepale, kwa hiyo baada ya siku kadhaa makohozi yanatuama tena. Nimonia inayorudi mahali palepale kwenye pafu, au kivuli ambacho hakijaondoka wiki sita baada ya matibabu, ni dalili ya kutafuta kitu kinachoziba. Kwa mzee wako dalili hiyo ipo tayari.

Sasa ziunganishe. Sisi hupima uvutaji kwa kuzidisha pakiti za siku kwa miaka: pakiti moja mara miaka 39 ni 39. Kiwango cha 20 tu kinatosha kumweka mtu kwenye kundi la hatari kubwa. Amepoteza kilo 8 kati ya 72, yaani zaidi ya sehemu moja ya kumi ya mwili wake, bila kukusudia. Damu mara mbili. Kivuli kisichohama. Kila moja lingeweza kuwa na maelezo mengine; yote pamoja kwa mtu mmoja yanaitwa shaka ya saratani ya mapafu mpaka ithibitishwe vinginevyo.

Siwalaumu wa kituo cha afya. TB inapenda sehemu ya juu ya pafu, na saratani ya mvutaji nayo inapenda hukohuko. Zote mbili zinaleta kikohozi, damu, kukonda na jasho la usiku. Zote zinaweza kutoboa shimo katikati ya kivuli. Na kwetu TB ni ya kawaida kuliko saratani ya mapafu, kwa hiyo mganga anayeona kivuli juu kulia anaanza na kile anachokiona kila wiki. Kumpima kohozi lilikuwa jambo sahihi kabisa. Kosa linaanzia pale majibu yanapokuja safi mara mbili na bado anaanzishiwa dawa kwa kubahatisha, bila tarehe ya kusema "hapa tunasimama".

Hatari ya kubahatisha huko ni kwamba dawa zinaweza kutudanganya. Rifampisini, moja ya dawa kuu za TB, inaua pia bakteria wengi wa kawaida wa nimonia. Basi lile eneo lililotuama nyuma ya uvimbe litasafika kidogo, mzee ataongeza kilo moja au mbili, na wote mtasema dawa zinafanya kazi. Awamu ya kwanza ya dawa ni miezi miwili, dozi nzima ni sita. Wagonjwa wengi hufika kwetu mwezi wa tano au wa sita, uvimbe ambao ungeweza kukatwa ukiwa umeshafika kwenye tezi za katikati ya kifua. Kama kwa sababu yoyote mzee ameshaanza dawa ujumbe huu unapokufikia, asiziache kienyeji. Mwambieni daktari, muendelee na safari ya CT bila kungoja zimalizike. Magonjwa haya mawili yanaweza pia kukaa kwenye pafu moja kwa wakati mmoja.

Eksirei ni picha bapa. Mbavu, mtulinga, moyo na mishipa mikubwa yote yanalaliana juu ya pafu, na uvimbe unaweza kujificha nyuma ya moyo, nyuma ya mtulinga au chini karibu na kiwambo. Takriban saratani moja kati ya tano haionekani kwenye eksirei ya kwanza. Nalisema hili kwa ajili ya wasomaji wengine ambao eksirei zao "zimetoka safi" huku damu inaendelea kutoka: eksirei safi haifungi mjadala. Kwa mzee wako kivuli kimeonekana, lakini eksirei haiwezi kusema ni nini wala kimefika wapi. Tafuteni pia eksirei yoyote ya zamani, hata ya miaka mitano iliyopita alipopimwa afya ya kazini. Kivuli ambacho kilikuwepo zamani na hakijakua kwa miaka miwili au zaidi kwa kawaida ni kovu. Filamu moja ya zamani kabatini inaweza kubadilisha shauri lote.

CT hupiga picha ya kifua vipande vyembamba vyembamba, kimoja baada ya kingine, na mzee wako anahitaji ile yenye dawa ya kontrasti inayopitishwa kwenye mshipa, ikishuka mpaka kwenye ini na tezi zilizo juu ya figo, kwa sababu saratani ya mapafu hupenda kwenda huko. Kabla ya siku hiyo apimwe kreatinini ili figo zijulikane, maana dawa ile hutolewa na figo. Kama ana kisukari na anatumia metformini, aseme. Daktari ataamua kama isimamishwe kwa muda kulingana na figo. Kama aliwahi kuvimba au kubanwa pumzi baada ya kuchomwa kontrasti, aseme kabla hajalala kitandani. Joto la ghafla mwilini na ladha ya chuma mdomoni dawa inapoingia ni kawaida. Picha yenyewe ni dakika chache, na kazi yake kubwa ni kushika pumzi anapoambiwa. Kama anakohoa mfululizo, awaambie wapiga picha mapema, kwa sababu picha iliyotikisika huficha vitu vidogo.

Msomaji wa CT ataangalia ukubwa. Kilichozidi sentimita 3 hakiitwi tena kinundu, ni uvimbe mkubwa, na uwezekano wa saratani unapanda. Ataangalia ukingo: wenye miiba miiba kama jua linalochomoza unatia shaka zaidi kuliko uliolainika. Chokaa iliyojaa katikati au iliyopangika kwa tabaka huelekea kwenye kovu la zamani. Hata hivyo msimkubali mtu yeyote anayewaambia "CT imethibitisha saratani". CT inaongeza au inapunguza shaka, na inachora ramani. Uthibitisho unatoka kwenye kinyama.

Na hiyo ramani ndiyo yenye thamani kubwa, kwa sababu inatuonyesha pa kuchoma. Watu hufikiri lazima sindano iende kwenye uvimbe wa pafuni. Kanuni tunayoifuata ni nyingine: kama kuna sehemu ya mbali zaidi iliyotiliwa shaka na inafikika kwa urahisi, tunaanza na hiyo. Chukua mzee kama wako ambaye CT inaonyesha uvimbe wa sentimita 4 juu kulia, na pia tezi ya sentimita 1.5 juu ya mtulinga wa kulia ambayo hakuna aliyeipapasa. Tezi ile iko karibu na ngozi. Kwa ultrasaundi na ganzi kidogo inachukuliwa kwa dakika 20 bila kugusa pafu, na jibu moja linajibu maswali mawili: ni ugonjwa gani, na je umeshatoka nje ya pafu. Vivyo hivyo kama kuna maji yaliyozunguka pafu, yanavutwa kwa sindano na kuangaliwa; mililita 50 au zaidi hutosha kuanzia, ingawa maji yakikosa seli za saratani haimaanishi saratani haipo. Kwa hiyo muulizeni daktari: "Umempapasa shingoni? Kuna sehemu rahisi zaidi?" Ni swali la haki, na wakati mwingine linaokoa siku nzima ya hatari.

Kama hakuna sehemu rahisi, njia inategemea uvimbe umekaa wapi. Ukiwa katikati, karibu na mirija mikubwa, hutumika bronkoskopi: mrija mwembamba wenye kamera unaopitishwa puani au mdomoni, koo likiwa limetiwa ganzi na mzee akiwa amepewa dawa ya kumtuliza. Asile kwa saa 6 kabla. Uvimbe ukionekana, daktari huchukua vipande visivyopungua vitano, kwa sababu kipande kimoja mara nyingi hushika damu au nyama iliyokufa tu. Baadaye asinywe wala kula mpaka ganzi ya koo iishe, kama saa 2, la sivyo chai itaingia pafuni. Makohozi yenye damu kidogo kwa siku moja ni kawaida. Hospitali chache zina bronkoskopi yenye ultrasaundi kwenye ncha yake, inayoweza kuchoma tezi za katikati ya kifua kupitia ukuta wa bomba la hewa. Kama tezi hizo zimevimba na kuna mpango wa upasuaji, inafaa kupewa rufaa kwa ajili yake.

Uvimbe ukiwa pembeni, karibu na mbavu, kamera haiufikii. Hapo mzee hulazwa kwenye mashine ya CT, ngozi inatiwa ganzi, na sindano inaongozwa kwa picha mpaka kwenye uvimbe. Ataambiwa ashike pumzi kwa kiwango kilekile kila mara, kwa kuwa pafu likishuka sentimita moja, shabaha nayo imehama. Sindano ichukue ukingo ulio hai, si katikati palipokufa. Majibu mengi ya "nyama iliyokufa tu, rudia" yanatokana na kuchoma katikati. Kabla ya siku hiyo kuganda kwa damu kupimwe, na mseme wazi kama anatumia aspirini, klopidogreli au warfarini. Asiache yoyote kwa uamuzi wake, lakini daktari lazima ajue siku kadhaa kabla.

Madhara yake ya kweli ni hewa kuvuja kati ya pafu na ukuta wa kifua. Hutokea kwa takriban mtu mmoja kati ya watano, na huwa zaidi kwa wavutaji ambao mapafu yao yameshatanuka na kulegea. Wengi wao hewa ni kidogo na inanywewa yenyewe. Wachache huhitaji kuwekewa mrija kifuani kwa siku kadhaa. Ndiyo maana hupigwa eksirei saa chache baada ya kuchomwa, na ndiyo maana nasisitiza msipande basi la kurudi kijijini jioni ileile. Laleni mji huohuo. Akianza kubanwa pumzi ghafla au kuchomwa kifuani upande ule, arudi usiku huohuo.

Sasa shangazi. Naomba uwasikilize kwanza, kwa sababu wamekiona walichokiona: jirani alichukuliwa kinyama, miezi mitatu baadaye akazikwa. Ila angalia mpangilio wa matukio. Jirani alifika hospitali akiwa amechelewa, saratani imeshasambaa. Majibu yakachukua wiki nyingi, dawa hazijaanza, na ugonjwa uliendelea na mwendo uliokuwa nao. Saratani haikai ikisubiri kufunguliwa mlango. Seli zake zinaingia kwenye mishipa ya damu na ya limfu zenyewe, na ndivyo zinavyofika kwenye ini, mifupa na ubongo. Wapo pia wanaosema ni hewa ndiyo inayoitawanya, lakini hewa ikiugusa uvimbe haifanyi lolote. Pafu limejaa hewa tangu mwanzo. Kuna kitu kimoja cha kweli ambacho sitakificha: mara chache sana, chini ya mtu mmoja kwa mia, seli zimewahi kuota kwenye njia iliyopitiwa na sindano. Ili kupunguza hilo, sindano ya kukatia hupita ndani ya sindano nyingine ya nje, isiburute nyama kwenye ngozi. Ukiweka hatari hiyo kando ya ile ya kunywa dawa za ugonjwa asiokuwa nao kwa miezi sita, mimi sioni ugumu wa kuchagua.

Upande wa maabara kuna jambo ambalo ningependa ulishike, kwa sababu linaharibika mara nyingi na halirekebishiki. Vipande vya kuangalia saratani vinawekwa kwenye fomalini mara moja, vikizama vizuri. Lakini fomalini inaua bakteria. Kwa kuwa swali la mzee ni TB au saratani, kipande kimoja kiende kwenye chupa tofauti yenye maji ya chumvi safi, bila fomalini, kipelekwe siku hiyohiyo kupimwa TB kwa GeneXpert na kuoteshwa. Umwambie daktari kabla mzee hajaingia chumbani: "Tunaomba na cha TB." Akisahau, mtarudi kuchomwa tena.

Jibu likisema "hakuna seli za saratani zilizoonekana", msisherehekee bado. Ulizeni: kimeonekana nini basi? Kama wameona vinundu vya TB na kipimo cha TB ni chanya, hilo ni jibu, na dawa zianze kwa moyo mweupe. Kama wameandika tu nyama ya kawaida au iliyokufa, maana yake sindano huenda ilikosa, na kwa shaka kubwa kama hii lazima irudiwe au ipitishwe njia nyingine. Jibu likiwa saratani, litasema ni ya seli ndogo au si ya seli ndogo. Ya seli ndogo huenda kasi sana na matibabu yake mara nyingi ni dawa na mionzi badala ya kisu. Dawa isingoje wiki nyingi. Ile nyingine ndiyo ya wengi, takriban 85 kati ya wagonjwa 100, na kama imebaki pafuni inaweza kukatwa. Kwa baadhi yake nyama iliyobaki hupimwa mabadiliko ya jeni zinazoitwa EGFR na ALK, kwa kuwa kuna vidonge vinavyolenga hayo. Nyama hiyo huhifadhiwa maabara kwenye kibonge cha nta. Andika namba yake, na mkipewa rufaa kwenda Muhimbili, Ocean Road, KCMC au Bugando, ombeni kibonge na slaidi viende pamoja na karatasi ya majibu.

Mzee mwenyewe aelezwe haya yote kabla ya shangazi kupiga kura. Kama angekuwa hoi kitandani, asiyeweza kusimama wala kuvumilia matibabu yoyote, ningekuambia tuache sindano na tumtulize maumivu na pumzi. Mtu anayetembea na kilo 64 hajafika huko. Na akiweza kuacha sigara leo, pafu litavumilia sindano na ganzi vizuri zaidi, ingawa kikohozi kinaweza kuongezeka kwa wiki chache vinyweleo vikianza kuamka.

Wakati mnasubiri tarehe, kuna mambo ambayo hayasubiri kliniki: kukohoa damu inayofika nusu kikombe, kubanwa pumzi akiwa amekaa tu, uso na shingo kuvimba hasa asubuhi, miguu kulegea au mkojo kugoma, au kuchanganyikiwa. Hapo ni dharura, saa yoyote. Damu ikitoka nyingi mkiwa njiani, mlazeni kwa ubavu wa kulia, upande wenye kivuli ukiwa chini, ili damu isimwagikie pafu la kushoto analolitegemea kupumua.